Kuusafisha Ukuta wa Mbali wa Ngorongoro

Simama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mwezi Septemba, saa nne asubuhi. Majani ya mgunga ulio mbele yako yana weusi na kijani chake, lakini ukuta wa upande wa pili, karibu kilomita 19 kutoka hapo, umefifia na kuwa bluu ya majivu. Kamera ikirekodi, hali huwa hivyo hivyo. Na mwezi huo mara nyingi kuna moshi wa nyika zinazoungua, unaochanganyika na vumbi na kuzidisha utusitusi.

Watu husema ukungu umeficha mlima. Kwa mhariri wa video ni muhimu zaidi kujua kwamba ukungu umeongeza kitu. Chembe zilizo hewani hupokea mwanga wa jua na kuutawanya kuelekea kwenye lenzi. Mwanga huo hujipachika juu ya picha ya ukuta, huku mwanga wa ukuta wenyewe ukipungua njiani. Kwa hiyo sehemu za mbali zilizopaswa kuwa nyeusi huwa kijivu, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kijivu hicho kinavyozidi.

Programu nyingi za uhariri zina kifaa kinachoitwa Dehaze. Njia mojawapo maarufu ya kuondoa ukungu kwa kompyuta ilitolewa mwaka 2009 na Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang. Waliona kwamba katika picha ya nje isiyo na ukungu, karibu kila kipande kidogo kisicho cha anga huwa na angalau pikseli chache ambazo moja ya rangi zake, nyekundu, kijani au bluu, iko chini sana. Kipande kikikosa giza hilo, kompyuta huhesabu kwamba limefunikwa na ukungu, kisha huuondoa kwa kiasi hicho.

Ngorongoro inaonyesha vizuri udhaifu wa kisio hilo. Chini ya kreta kuna ziwa Magadi, ambalo kiangazi hubaki na magadi meupe yaliyotanda. Weupe huo hauna giza, ingawa si ukungu. Njia inayokisia hivyo hulipaka ziwa rangi ya kijivu chafu. Mashuka meupe na mawingu hupatwa na hayo hayo. Tena, programu ikikisia upya katika kila fremu, wingu likiingia kwenye picha mandhari yote yanaweza kupepesa mwanga.

Ndiyo maana kwa picha kama hii napendelea kazi ya mkono. Tuseme tunatumia DaVinci Resolve, ambayo kipimo chake cha mwangaza huanzia 0 hadi 1023. Kwenye grafu ya Parade majani ya karibu yako kwenye 60, lakini ukuta wa mbali umebanwa kati ya 480 na 620. Kwanza nachora Power Window kuuzunguka ukuta peke yake, kingo zake zikiwa laini, ili ziwa na mgunga visiguswe. Kisha nashusha Lift mpaka weusi wa ukuta ufike karibu 350. Natangulia na Lift kwa sababu ukungu ni nyongeza, na nyongeza huondolewa kwa kutoa. Bluu naishusha zaidi kidogo, kwa kuwa kwenye grafu ndiyo iliyopanda kuliko nyekundu. Mwisho naweka Contrast 1.5 na Pivot 0.42, yaani katikati ya mwangaza wa ukuta wenyewe. Sasa ukuta umeenea kutoka karibu 300 hadi 565, na mikunjo ya mabonde inaonekana.

Huko kutanuka, karibu mara mbili, kuna gharama. Chenga zilizojificha kwenye picha hutanuka pia. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu, hivyo ukuta wetu ulikuwa na ngazi 35 hivi, na ukitanuliwa huacha mapengo yanayoonekana kama michirizi kwenye miteremko laini. Video ya biti 10 ina ngazi zipatazo 140 mahali hapo hapo na huvumilia. Uamuzi huo hufanywa kabla ya kurekodi.

Moshi unaopanda kama nguzo ni jambo jingine. Hautandi sawasawa kulingana na umbali, na husogea, kwa hiyo kuuvuta kwa Contrast huutia makali tu. Palipo na moshi mzito kiasi kwamba mwanga wa ukuta haukufika kwenye lenzi, hakuna cha kurudisha. Vivyo hivyo mtetemo wa hewa ya joto: ukungu ukiondoka, huonekana zaidi.

Ukitaka kujua umezidisha, kagua mstari ambapo ukuta unakutana na anga. Ukiona ukanda mweusi au mweupe umeufuata, legeza kingo za Power Window au punguza Contrast. Kisha linganisha weusi: ukuta uliofika 60 kama mgunga utaonekana umebandikwa karibu na kamera, na kilomita zote 19 zitakuwa zimepotea. Kwenye 300 bado uko mbali.