Mac Inapokwama Kwenye Mstari wa Kuwaka

Unawasha Mac, nembo ya tofaa inatokea, mstari chini yake unajaa hadi katikati, kisha unasimama. Kabla ya kufanya lolote, jiulize kama kompyuta ilikuwa inasasisha mfumo. Wakati huo mstari unaweza kusimama kwa muda mrefu, na kuizima kwa nguvu kunaweza kuharibu kazi iliyofikia nusu. Kama haikuwa inasasisha, chomoa kila kifaa cha nje, iache kwenye chaja, kisha tafuta chanzo.

Tuchukue MacBook Air yenye chipu ya M1. Bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Kibonyeze tena bila kukiachia hadi uone maneno ya kuchagua namna ya kuwaka. Chagua diski yako, shikilia Shift, kisha bofya Continue in Safe Mode. Kwenye Mac za Intel, washa na ushikilie Shift mara moja.

Hali hii salama huacha programu zinazojiwasha zenyewe na viendeshi vya kampuni nyingine, hufuta baadhi ya kumbukumbu za muda, na hukagua diski. Ndiyo maana huwaka polepole. Ikifika kwenye dawati, mfumo wenyewe ni mzima, na wa kushukiwa ni kitu kilichoongezwa juu yake, kwa mfano programu ya zamani ya kuzuia virusi. Kiondoe, angalia pia kama diski imejaa, kisha iwashe upya kama kawaida.

Tuseme imekwama hata hapo. Sasa shaka inahamia kwenye diski, na diski hukaguliwa vizuri zaidi pale mfumo uliomo ndani yake unapokuwa haufanyi kazi. Rudi kwenye ukurasa ule wa kuchagua, safari hii bofya Options. Kwa Intel, shikilia Command na R wakati wa kuwasha. Fungua Disk Utility, na kwenye menyu ya View chagua Show All Devices. Bila hatua hiyo huenda usione diski nzima, bali sehemu zake tu.

Endesha First Aid kuanzia chini kwenda juu: kwanza kila sehemu yenye mafaili, kisha kontena inayozibeba, mwisho diski yenyewe. Makosa yakirekebishwa, rudia ukaguzi hadi usionyeshe kosa, ndipo uwashe. Diski ikiwa safi lakini mstari bado unakwama, sakinisha macOS upya kutoka hapo hapo. Kwa kawaida mafaili yako hayaguswi.

Ukiambiwa diski haiwezi kurekebishwa, usikimbilie kuifuta. First Aid hurekebisha mpangilio wa mafaili, haiponyi kifaa kilichochakaa. Tumia kwanza Share Disk, iliyo kwenye menyu ya Utilities, kuhamishia mafaili kwenye Mac nyingine kwa kebo.