Kuwachanganya wa idara moja kwenye Zoom

Zoom ikiachiwa igawe washiriki wa warsha yenyewe, haiangalii idara. Wahasibu wanne wanaweza kujikuta chumba kimoja.

Dawa ni kupanga orodha kwa idara, kisha kutoa namba za vyumba kwa mzunguko. Chukua watu 24 na vyumba 6: wahasibu 9, mauzo 7, ghala 5, utumishi 3. Mhasibu wa mwisho akipata chumba cha 3, mtu wa kwanza wa mauzo anaanzia cha 4. Kila chumba kitapata watu wanne wa idara tatu au nne.

Ukianza upya na 1 kila idara, chumba cha kwanza kitajaa watu sita, cha mwisho wawili.

Wahasibu tisa hawatoshi vyumba sita bila wengine kukutana.