Mashine ya michezo sebuleni: jinsi ya kuwakinga watoto na wanyama dhidi ya nyaya

Katika nyumba nyingi za Gitega na Muyinga, sebule ina kazi zaidi ya moja: hapo hupokelewa wageni, hapo huliwa chakula, na mara nyingi hapo ndipo njia ya kwenda uani hupitia. Mashine ya michezo ya video inapowekwa kando ya televisheni katika chumba kama hicho, hatari kubwa kwa mtoto mdogo haimo ndani ya mashine yenyewe. Imo katika waya unaokatiza njia.

Chukulia nyumba yenye PlayStation 2, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2000 na ambayo bado inapatikana ikiwa imetumika. Kidhibiti chake, ambacho vijana hukiita pedi, kina waya wa takriban mita 2.5. Mchezaji akiketi mita 2 kutoka kwenye meza, waya huo haulali sakafuni, bali huning'inia hewani kwa kimo cha goti la mtoto wa miaka miwili. Mtoto akipita mbio na kuukwaa, plagi haichomoki upesi, kwa hiyo mashine huufuata waya. Mashine nayo imeunganishwa na televisheni, na ikiwa waya wa picha umekazwa, televisheni huvutwa pia. Xbox ya mwaka 2001 ilikuwa na kiungo katika waya wa pedi kinachoachana kikivutwa kwa nguvu. Ni ubunifu mzuri, lakini haukuenea.

Pedi zisizo na waya zimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Chaji inapokwisha katikati ya mchezo, kijana huchomeka waya na kuendelea kucheza, na mtego unarudi palepale. Heri pedi ichajiwe kabla ya mchezo, kisha waya wake uondolewe kabisa.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka mashine. PlayStation 5 ya kwanza, ile yenye sehemu ya diski, ina uzito wa kilo 4.5, ikianguka kutoka kimo cha meza inaweza kumjeruhi vibaya mtoto aliyeketi chini. Rafu ya chini, iliyo wazi mbele na nyuma, ni salama kuliko juu ya meza au kabati. Kuifungia ndani ya kabati si suluhisho, kwani mashine hupata joto na inahitaji nafasi ya angalau sentimita 10 kutoka ukutani. Televisheni nayo ikae juu ya meza pana kuliko umbali uliopo kati ya miguu yake, tena meza nzito isiyopinduka mtoto akiishika ukingoni ili asimame.

Nyaya zinazobaki zipitishwe nyuma ya meza, kisha zifuate ukuta, hata kama njia hiyo ni ndefu zaidi. Wengine hufunga nyaya kwenye mguu wa meza. Meza ikiwa nyepesi, mtoto akivuta waya anaiangusha meza nzima pamoja na vilivyo juu yake. Afadhali waya ubanwe ukutani kwa klipu, karibu na sakafu, na ubaki na ulegevu wa kama sentimita 20 kati ya klipu na mashine. Ukuta wa matofali mabichi haushiki msumari vizuri. Hapo klipu ipigwe kwenye ubao mrefu uliofungwa ukutani katika sehemu kadhaa. Jaribio lake ni jepesi: zima umeme, kisha uvute waya polepole kutoka upande wa chumba. Mashine ikisogea hata kidogo, kazi haijakamilika. Ulegevu huo pia usiachwe ukining'inia kama kitanzi mahali ambapo mtoto mchanga anaweza kuufikia.

Kuficha ralonji chini ya mkeka ni kosa la kawaida. Miguu huukanyaga waya kila siku, ganda lake huchakaa bila kuonekana, na mkeka wenyewe huinuka na kuwa kikwazo. Umeme wa Regideso ukikatika usiku, watoto wote huinuka kwa pamoja gizani. Hapo waya uliopita katikati ya chumba ndio wa kwanza kumwangusha mtu.

Kuhusu wanyama, paka hupenda kulala juu ya mashine yenye joto, na manyoya yake huziba matundu ya hewa. Sungura, simbilisi na watoto wa mbwa hutafuna. Waya wa pedi ukitafunwa, hasara mara nyingi ni ya fedha tu, lakini waya wa soketi hubeba umeme wa takriban volti 220, unaoweza kuua. Alama za meno zikionekana, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuugusa waya, kisha uubadilishe wote. Gundi ya karatasi au ya plastiki iliyozungushwa juu ya jeraha hilo haimzuii mnyama kurudi kutafuna mahali palepale.