Kivimbe katika Titi: Mkono Hugundua, Sindano Huamua

Mwanamke anayejikagua matiti yake akakuta kivimbe ambacho hakikuwapo hukabiliwa na maswali mawili kwa mpigo: je, hii ni saratani? Na sasa nifanye nini? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kumfuata mwanamke mmoja wa mfano, mkazi wa Kwashemshi katika Wilaya ya Korogwe, tangu siku aliyokigundua kivimbe hadi siku aliyopata jibu la hakika. Mwanamke huyo ni wa kubuni, lakini hatua anazopitia ndizo zinazopaswa kufuatwa na kila aliye katika hali yake.

Mama huyo ana umri wa miaka 43 na ni mama wa watoto wanne. Alipokuwa akioga, vidole vyake viligusa kitu kigumu katika titi la kushoto, sehemu ya juu inayoelekea kwapani. Ukubwa wake ulikuwa kama wa punje ya karanga iliyonona, na hakikumuuma hata kidogo.

HOFU IWE YA KIASI GANI?

Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Katika kila wanawake 10 wanaofika hospitalini kwa sababu ya kivimbe, wanane au tisa hugunduliwa kuwa na jambo jingine. Hata hivyo, uwiano huo hubadilika sana kufuatana na umri. Msichana wa miaka 20 aliye na kivimbe laini kama gololi, kinachoteleza chini ya vidole, kwa kawaida ana uvimbe usio na madhara uitwao faibroadenoma. Mwanamke wa miaka 40 na kitu mara nyingi huwa na kifuko kilichojaa maji. Mama anyonyeshaye aweza kuwa na jipu, ambalo huja na maumivu, wekundu na homa. Kadiri umri unavyosonga mbele, hasa baada ya hedhi kukoma, ndivyo sehemu ya saratani inavyoongezeka.

Zipo dalili zinazoongeza mashaka: kivimbe kigumu chenye kingo zisizo sawa, kilichoshikamana na ngozi au na kifua, ngozi iliyobonyea au iliyo na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani hivi karibuni, damu itokayo kwenye chuchu, na vitezi vigumu kwapani. Jambo moja linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa limewapoteza wengi: kutokuwapo maumivu si dalili njema. Saratani ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi. Yule mama angesema, “Hakiniumi, basi si kitu,” angekuwa amejifariji kwa jambo lisilo ushahidi.

Hivyo basi, hofu inayomfaa ni ya kiasi: asijihesabu kuwa mgonjwa wa saratani, wala asijihesabu kuwa mzima. Mkono, uwe wake au wa daktari mzoefu, hauwezi kutoa hukumu peke yake.

JE, ANAWEZA KUNGOJA?

Hapa hesabu ndogo itatusaidia. Kivimbe cha saratani chenye upana wa sentimita 1 kina seli zipatazo milioni 1,000. Seli moja hufikia idadi hiyo baada ya kujirudufu mara 30 hivi. Ikiwa kila kujirudufu huchukua miezi minne, basi kivimbe hicho kimekuwa kikikua kwa miaka mingi kabla ya kugusika. Usiku mmoja wa kungoja, au juma moja, haubadili mambo. Lakini kutoka upana wa sentimita 1 hadi 2, ujazo wake huongezeka mara nane, yaani kujirudufu mara tatu tu. Kwa mwendo ule ule, hiyo ni kazi ya mwaka mmoja, na saratani nyingine huenda mbio zaidi ya hapo. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini funzo lake ni sahihi: siku hazidhuru, ila miezi hudhuru.

Kwa sababu hiyo, mwanamke kijana ambaye bado anapata hedhi, na ambaye amehisi tu uvimbevimbe usio na mpaka dhahiri, aweza kungoja hedhi ijayo ipite kisha ajikague tena. Matiti mengi huvimba kabla ya hedhi na kulegea baadaye. Uvimbe ukibaki, na aende. Lakini aliye na kivimbe dhahiri kama cha mama yetu, au dalili yoyote kati ya zile tulizozitaja, au aliyekwisha koma hedhi, aende katika juma hilo hilo.

Nchini Tanzania, wengi wa wagonjwa wa saratani ya titi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha sambaa. Baadhi yao walitumia muda mrefu kwa waganga wa jadi, wengine walikosa nauli, na wengine walirudishwa nyumbani na dawa za jipu mara mbili au tatu. Kwa hiyo ni vyema kukumbuka kanuni hii: titi lenye wekundu na uvimbe ambalo halikupona baada ya dawa za kuua bakteria kwa muda wa juma moja au mawili lisiendelee kuitwa jipu mpaka lipimwe. Ipo saratani inayojifananisha na jipu kabisa.

UCHUNGUZI WA AINA TATU

Mama yetu anaanzia kituo cha afya, anapata barua ya rufaa, na anafika Hospitali ya Magunga mjini Korogwe. Kutoka hapo, ikihitajika, hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bombo, Tanga. Popote atakapohudumiwa, uchunguzi kamili una sehemu tatu.

Ya kwanza ni mikono ya daktari. Huyapima matiti yote mawili, lile zima kwanza, kisha makwapa na shingo juu ya mtulinga. Hukipima kivimbe kwa rula na kuandika upana wake na mahali kilipo. Cha mama yetu kilikuwa na sentimita 2.

Ya pili ni picha. Kwa wanawake vijana hutumika ultrasaundi, kwa kuwa titi lao ni zito na eksirei ya matiti, yaani mamografia, haioni vizuri ndani yake. Kwa wanawake walio karibu na miaka 40 na zaidi, mamografia hufaa mahali inapopatikana, lakini ultrasaundi nayo hutoa habari nyingi. Kifuko cha maji huonekana cheusi kabisa ndani, chenye ukingo mwembamba. Faibroadenoma huonekana imelala, pana kuliko urefu wake wa kwenda chini, na kingo zake ni laini. Saratani mara nyingi huonekana imesimama, na kingo zake zimechongoka. Picha ya mama yetu ilionyesha kingo zilizochongoka.

Ya tatu, na ndiyo yenye kuamua, ni kipande cha nyama ya kivimbe chenyewe kitazamwe kwa hadubini. Daktari huchoma dawa ya ganzi katika ngozi, kisha huingiza sindano nene yenye chemchemi, na kukata vipande vyembamba kama uzi, vinne au zaidi. Kazi yote huchukua muda usiozidi nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile akiwa na michubuko midogo tu. Wengi huogopa kwamba saratani ikichomwa sindano itatawanyika. Wagonjwa waliopimwa kwa sindano hawajaonekana kuwa na hali mbaya kuliko wengine. Waliodhurika ni wale waliokataa kupimwa wakangoja.

KIPANDE NACHO HUHARIBIKA

Vipande vile huanza kuoza mara vinapotoka mwilini. Havina budi kutiwa katika fomalini ya asilimia 10 katika muda wa saa moja, na dawa hiyo iwe nyingi mara 10 kuliko nyama. Vikitiwa katika maji au kuachwa mezani, mtaalamu wa patholojia hataweza kusoma seli vizuri, na vipimo vya homoni vitatoa majibu ya uongo. Hospitali isiyo na maabara ya patholojia huvituma kwenye maabara kubwa, kama ile ya KCMC mjini Moshi au ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa hiyo mgonjwa asiondoke kabla ya kuuliza mambo mawili: namba ya kipimo chake ni ipi, na arudi tarehe gani. Jibu lililokaa katika kabati la hospitali ni sawa na kipimo ambacho hakikufanyika.

Kosa jingine ni kukikata kivimbe chote haraka na kukitupa bila kukipima. Kama kilikuwa saratani, mgonjwa atakuwa amefanyiwa upasuaji usiotosha, na hakuna ajuaye alikuwa na nini.

Majibu yanapokuja, yale matatu sharti yakubaliane. Kama mikono na picha vilitia mashaka, lakini sindano ikasema hakuna kitu, haifai kushangilia. Yawezekana sindano ilikosa shabaha, na kipimo kirudiwe. Yote matatu yakisema si saratani, mgonjwa aweza kuamini, naye huambiwa arudi kivimbe kikibadilika.

JIBU LA MAMA YETU

Jibu lake lilisema ni saratani. Mikono, picha na hadubini zilikubaliana. Lakini kivimbe chenye sentimita 2, kisichofika katika vitezi vya kwapa, ni ugonjwa wa hatua ya mwanzo, na wanawake wengi walio katika hatua hiyo hupona wakitibiwa kikamilifu. Maabara huendelea kupima kama seli zake zina vipokezi vya homoni. Zikiwa navyo, baada ya upasuaji atameza kidonge kiitwacho tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kama atahitaji mionzi, mojawapo ya mahali pa kuipata ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa anapofika mara ya kwanza hadi kupata jibu zisipite siku 60. Mgonjwa na jamaa zake wanaweza kulitumia lengo hilo kama kipimo chao wenyewe: tarehe ya kufika kituoni iandikwe kwenye daftari, na siku ya 60 ikikaribia pasipo jibu, waende kuuliza wakiwa na namba ya kipimo mkononi.

Liko jambo la mwisho kuhusu kujikagua kwenyewe. Wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo vya Shanghai walifuatiliwa katika utafiti ulioanza mwaka 1989, na matokeo yake ya mwisho yakatolewa mwaka 2002. Nusu yao walifundishwa kujikagua kwa utaratibu maalumu. Vifo kwa saratani ya titi havikupungua kwao. Kilichoongezeka ni vivimbe visivyo na madhara vilivyopimwa. Maana yake si kwamba mwanamke asiyajue matiti yake. Maana yake ni kwamba kugundua ni mwanzo tu, na kwamba faida yote imo katika yale yanayofuata: daktari, picha, sindano, na jibu linalomfikia mwenyewe.