Nani Mwingine Nizungumze Naye?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasosholojia Mark Granovetter aliwafuata wanaume wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambao walikuwa wamebadili kazi karibuni, akawauliza habari za kazi hiyo mpya zilikuwa zimewafikiaje. Wengi walikuwa wameambiwa na mtu. Granovetter hakuishia hapo. Alitaka kujua mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Kati ya 54 waliolijibu swali hilo, 9 tu walikuwa wakimwona angalau mara mbili kwa wiki. Waliomwona mara chache zaidi ya hapo walikuwa 30, na 15 waliobaki walikutana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Alipouliza kama mtu huyo ni rafiki, mara nyingi alisahihishwa: hapana, tunafahamiana tu.

Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1973, yanaeleweka kwa urahisi. Ndugu na marafiki wa karibu wanaishi mahali pamoja, wanahudhuria harusi zilezile na kusikia habari zilezile. Anayejua jambo ambalo hamlijui ni yule anayepita pembeni ya maisha yenu. Sasa mtu huyo utamfikiaje, ikiwa kwa asili yake hayumo katika simu yako?

Njia moja imo katika mazungumzo ambayo watafuta kazi wa Marekani walizoeshwa na Richard Bolles, kasisi wa San Francisco aliyepoteza kazi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 akajichapishia kitabu cha kuwasaidia makasisi wenzake waliokuwa katika hali hiyo. Bolles alihimiza kwamba kabla ya kuomba kazi, mtu akawaulize wanaoifanya: inafanywaje, inachosha wapi, inalipa vipi, mtu huiingiaje. Ni mazungumzo mafupi ambayo hayaombi ajira. Na yanapokaribia kwisha, mgeni huuliza ni nani mwingine anayefaa kuzungumza naye.

Swali hilo la mwisho ndilo huharibiwa zaidi. Mgeni ameshaanza kukusanya daftari lake, anauliza huku akisimama: “Kuna mtu mwingine labda naweza kuongea naye?” Mwenyeji anajibu, “Aa, wapo wengi, nitakutafutia.” Wanaagana kwa heshima na jina halipatikani kamwe. Wala mwenyeji si mchoyo. Ameulizwa swali pana mno, akatakiwa kupekua watu wote anaowajua kwa sekunde tatu, na kichwa cha mtu hakikupangwa hivyo.

Watafiti wa mahusiano ya watu walilijua tatizo hili zamani. Claude Fischer, alipotaka kujua watu wa kaskazini mwa California wanahusiana na nani mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, hakutegemea kuwauliza tu marafiki zao ni nani. Aliwauliza ni nani huwaangalizia nyumba wanaposafiri, ni nani wangemwendea kukopa fedha nyingi, na mambo yanayowasumbua humweleza nani. Majina yalikuja, kwa sababu kila swali lilimrudisha mtu kwenye jambo alilowahi kulifanya.

Hivyo ndivyo swali la mwisho linavyopaswa kujengwa. Badala ya kuuliza kama yupo mtu yeyote, mgeni aulize: “Ukikwama kwenye jambo hili, unampigia nani?” Au: “Ulipoanza kazi hii, nani alikuelekeza?” Au, kwa anayetaka kuujua upande wa pili: “Nani aliwahi kuifanya akaiacha?” Mwenyeji hahitaji kuwaza nani anafaa. Anakumbuka tu, na jina linamtoka.

Tuchukue mfano wa msichana wa Dar es Salaam aliyemaliza shahada ya ununuzi na ugavi na anataka kuifahamu kazi ya uwakala wa forodha. Mtu wake wa kwanza ni kaka wa mtaani kwao anayeandaa nyaraka katika ofisi ya wakala mjini. Kwa robo saa kaka huyo anamweleza kazi kama anavyoiona kutoka mezani kwake: kusoma ankara na hati ya shehena, kuipa kila bidhaa namba yake ya ushuru, kuingiza tamko katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Anamweleza kwa nini namba ile ni roho ya kazi. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, hivyo bidhaa ikiwekwa kwenye fungu lisilo lake, mteja anaweza kulipa kupita kiasi, au mzigo ukazuiwa na maswali yakaanza. Anamtajia pia cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinachofundishwa Chuo cha Kodi.

Zikiwa zimebaki dakika tano, msichana anauliza: “Kaka, mzigo ukigoma kutoka, wewe unampigia nani?” Kaka anacheka na kumtaja mzee mmoja ambaye hushinda bandarini na kwenye bandari kavu, akifuatilia makontena kwa miguu. Msichana anaongeza: “Na mteja wako ambaye analijua suala hili kuliko wengine?” Linakuja jina la mama mwenye duka la vitambaa Kariakoo.

Majina mawili, na yote mawili yapo nje ya ofisi ile. Hapo ndipo faida ilipo. Kama angeuliza nani mwingine anafanya kazi hii, angepelekwa kwa jirani wa meza ya pili, akasikie habari ileile ya namba za ushuru. Mzee wa bandarini atamweleza ukaguzi unavyokwenda na jinsi siku zisizotozwa ada ya hifadhi zinavyoisha huku karatasi moja ikisubiriwa. Mama wa Kariakoo atamweleza kile ambacho wakala hapendi kukisema: gharama za kuchelewa huishia kwake, na wakala anayempenda ni yule anayempigia simu mapema kabla mambo hayajaharibika.

Jina likishatajwa, kuna swali dogo ambalo halirukwi: “Naruhusiwa kusema wewe ndiye umenielekeza?” Anayetoa jina anatoa pia heshima yake. Ni vizuri zaidi yeye mwenyewe apeleke salamu kwanza kuliko namba ya mtu kugawiwa bila mwenyewe kujua. Kazi ya mgeni ni kumrahisishia, kwa kumtumia siku hiyohiyo ujumbe mfupi wa WhatsApp ambao anaweza kuupitisha kama ulivyo: “Shikamoo mzee. Nimemaliza chuo, najifunza mizigo inavyotolewa bandarini. Kaka ameniambia mzigo ukikwama, wewe ndiye hupigiwa simu. Siombi kazi. Naomba dakika 20, siku na mahali utakapoona panafaa.” Kila sentensi hapo inajibu wasiwasi mmoja wa mzee: huyu ni nani, amenijuaje, anataka nini, atanichelewesha kiasi gani.

Bila msukumo wa namna hiyo, mnyororo hukatika. Mwaka 1969 Jeffrey Travers na Stanley Milgram walichapisha jaribio lao ambamo watu 296 wa Nebraska na Boston walipewa bahasha ya kumfikia dalali mmoja wa hisa aliyeishi karibu na Boston, kila mmoja akiipitisha kwa mtu anayemfahamu. Zilizofika ni 64. Nyingi ziliishia mikononi mwa mtu ambaye hakuona sababu ya kuipeleka mbele. Kati ya zilizofika, 31 zilipitia kwa watu watatu tu, na mmoja wao, mfanyabiashara wa nguo, alipitisha 16 peke yake. Kila mahali wapo watu wa namna hii, na swali la “unampigia nani ukikwama” ndilo huwaibua, kwani wenzao huwapigia kila siku.

Majibu yenyewe yana dalili za kusomwa. Mwenyeji akimtaja ofisa wa rasilimali watu au bosi wake, inawezekana alisikia ombi la kazi hata kama halikutamkwa, na ni vema kumwambia wazi kwamba anatafutwa mtu wa kueleza, si wa kuajiri. Akisema “ngoja nifikirie”, swali lilikuwa pana, basi lipunguzwe papo hapo. Akikataa hata lililopunguzwa, huenda mgeni bado hajaaminika, labda kwa sababu alizungumza zaidi kuliko alivyosikiliza. Hapo hapana haja ya kusukuma. Anashukuru, na siku chache baadaye anamweleza jambo moja alilolifuata katika ushauri wake. Mara nyingi jina huja wakati huo.

Kasoro moja haiondoki hata swali likiulizwa vizuri. Leo Goodman, mwanatakwimu aliyeieleza kihesabu mwaka 1961 njia ya kukusanya watu kwa kila mmoja kuwataja wengine, aliifungua milango kwa watafiti wengi, nao wakagundua mapema kwamba watu huwataja wanaofanana nao. Wanaume huwataja wanaume, wa ofisi kubwa huwataja wa ofisi kubwa. Msichana wetu akiufuata mnyororo mmoja tu, anaweza kuongea na watu kumi bila kukutana na mwanamke hata mmoja anayemiliki kampuni ya uwakala, na akaamini hawapo. Dawa ni kumtaja aliyekosekana: “Unamjua mwanamke anayeendesha ofisi yake mwenyewe?” Dawa nyingine ni kuanzisha mnyororo wa pili mahali pasipohusiana kabisa na wa kwanza.

Wala watu wa mbali hawawi bora kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliotumia mabadiliko ambayo mtandao wa LinkedIn ulikuwa umeyafanya kwa watumiaji zaidi ya milioni 20, ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa mbali kiasi, wenye marafiki wachache wa pamoja. Katika sekta zisizotegemea sana dijiti, watu wa karibu walikuwa na nguvu zaidi. Kazi ya kutoa mizigo, ambayo nusu yake hufanyika kwenye kompyuta na nusu nyingine juani kwenye yadi, inahitaji wote wawili, na kaka wa mtaani si wa kudharauliwa.

Kila mazungumzo yakiisha, msichana anamrudia aliyemwelekeza kwa mistari miwili: nimeonana na mzee, ameniambia hivi, ahsante. Kaka akijua kwamba jina lake lilitunzwa, hachelewi kutoa lingine. Baada ya mzee, mama wa Kariakoo, na wawili waliotajwa na hao, majina yanaanza kujirudia. Mtu wa sita anamtaja mzee yuleyule wa bandarini. Hiyo ni alama kwamba mduara ule umekwisha, na kuongeza mtu wa saba kutoka humo kutampa hadithi anazozijua tayari. Kwa hiyo anamwomba mzee swali la aina nyingine: ni nani anamfahamu kule Tunduma, ambako malori ya kwenda Zambia husubiri mpakani, na ambako wakala hushughulika na mizigo inayopita tu nchini bila kulipiwa ushuru hapa.