Mgeni Apite Mlango Gani?

Kuna seva moja ya mteja ninayoitunza ambayo hupokea maombi kutoka anwani moja tu ya IP, nayo ni ile ya VPN ya ofisi. Siku moja niliwasha VPN kwenye laptopu yangu, nikafungua kivinjari, seva ikanikubali. Kisha nikaingia kwenye mashine pepe niliyoisimika ndani ya laptopu hiyohiyo, nikajaribu tena. Nikakataliwa. Laptopu ni ileile, waifai ni ileile, na VPN imewaka. Ilikuwaje?

Mashine pepe ni kompyuta kamili inayoendeshwa ndani ya nyingine kwa programu kama VirtualBox. Ina mfumo endeshi wake na kadi yake ya mtandao, ingawa kadi hiyo ni ya kuigizwa tu. Laptopu inaitwa mwenyeji, nayo mashine pepe ni mgeni. VPN ni kama handaki: data hufungwa kwa siri kwenye laptopu, hupita intaneti ikiwa imefungwa, na hufunguliwa upande wa pili. Tovuti unayoifikia huona anwani ya upande huo wa pili, haioni ya nyumbani kwako.

Handaki la mwenyeji humfaa mgeni pale tu data yake inapopita kwa mwenyeji kwanza. Katika VirtualBox, jambo hilo huamuliwa na mpangilio wa mtandao wa mashine. Ukichagua `NAT`, mgeni hupewa anwani ya ndani, kwa kawaida 10.0.2.15, na kila anachotuma hutolewa na laptopu kana kwamba imekituma yenyewe. Kwa hiyo VPN ikiwa imewekwa kubeba mawasiliano yote ya laptopu, hubeba na ya mgeni. Ukichagua `Bridged Adapter`, mgeni huomba anwani kwa ruta moja kwa moja, kama simu inavyofanya, na data yake huelekea kwenye ruta bila kugusa handaki. Hapo ndipo nilipokwama. Nilirudisha `NAT`, seva ikafunguka.

Usikisie. Endesha amri hii kwa mwenyeji, kisha kwa mgeni:

```
curl https://ifconfig.me
```

Itakuonyesha anwani ambayo ulimwengu wa nje unaiona. Zikilingana, na ikiwa ni ya VPN, mgeni anapita handakini. Mgeni akionyesha anwani ya mtandao wa nyumbani, yuko nje.

Kontena za Docker ni nyepesi zaidi, kwa sababu hutumia kiini cha mfumo endeshi wa mwenyeji. Hapa jina linapotosha. Mtandao wao wa kawaida unaitwa `bridge`, lakini haufanani na `Bridged Adapter` ya VirtualBox. Unafanya kazi kama `NAT`, hivyo kwenye Linux kontena hufuata njia za mwenyeji, na VPN inayobeba kila kitu hubeba na kontena.

Lakini mara nyingine unataka kazi moja tu ipite handakini, na kompyuta iliyobaki itumie intaneti ya kawaida. Kwa mashine pepe, simika VPN ndani ya mgeni mwenyewe. Kwa kontena, watu wengi hutumia kontena maalumu la VPN, kama Gluetun, kisha huunganisha kontena jingine na mtandao wa hilo. Tuseme la VPN umelipa jina `handaki` na tayari linafanya kazi:

```
docker run --rm --network container:handaki \
  curlimages/curl https://ifconfig.me
```

Kontena la pili halina kadi yake ya mtandao. Linaazima ya la kwanza, kwa hiyo halina njia nyingine ya kutokea. Ndiyo maana milango ya kupokea maombi, yaani `-p`, hufunguliwa kwenye kontena la VPN, si kwenye kontena linaloazima. Na la VPN likiwashwa upya, yanayolitegemea hubaki bila mtandao mpaka nayo yawashwe upya.

Tofauti kubwa huonekana handaki linapokatika. VPN ya mwenyeji ikizimwa, mgeni wa `NAT` huendelea kupitia intaneti ya kawaida bila onyo lolote, na anwani yako halisi huonekana. Gluetun ina ukuta wa kinga unaozuia data isitoke nje ya handaki, hivyo kazi husimama. Ijaribu kabla ya kuitegemea: katisha VPN kwa makusudi, kisha rudia ile amri ya `curl`. Ikileta anwani ya nyumbani, data inavuja. Ikigoma kuleta jibu, kinga inafanya kazi.

Basi, kama shida yako ni kufikia seva ya ofisi tu, `NAT` na VPN ya laptopu vinatosha. Kama anwani yako haipaswi kuonekana hata kwa sekunde moja, mpe mgeni handaki lake, lenye kinga uliyoijaribu mwenyewe.