Seva Isiyo na Kazi Nayo Hulipiwa

Meneja akiambiwa kwamba mfumo wa hesabu wa ofisi yake umehamia kwenye wingu, mara nyingi hukubali na kutia saini. Maswali huanza bili inapofika.

Wingu ni kompyuta za kukodi, zilizopangwa kwenye majengo yenye umeme na ubaridi wa uhakika. Amazon ilifungua vituo vyake vya Cape Town mwaka 2020. Kompyuta inayokodiwa huko mafundi huiita seva, na meneja naye aiite hivyo hivyo ili wasipishane.

Kwa meneja wa Tanzania, mfano mwepesi ni LUKU: ofisi hailazimiki kununua jenereta, inalipia matumizi tu. Lakini mfano huo una mipaka miwili, na hapo ndipo fedha hupotea. Uniti za LUKU zikiisha, taa huzimika. Wingu kwa kawaida huendelea kufanya kazi, na deni huja mwisho wa mwezi. Tena, mita husoma umeme uliotumika kweli, ilhali seva ya kawaida hutozwa kwa muda iliokaa imewashwa, hata kama usiku kucha hakuna aliyeigusa.

Tuchukulie seva ya majaribio inayotozwa shilingi 300 kwa saa. Mwezi una saa 730 hivi, kwa hiyo ikiachwa imewashwa muda wote itagharimu shilingi 219,000. Ikiwashwa saa 10 kwa siku, siku 22 za kazi, gharama ni shilingi 66,000. Shilingi 153,000 zilizobaki zinalipia usiku na wikiendi.

Basi meneja ataagiza seva izimwe, na agizo hilo linahitaji uangalifu. Kwenye ukurasa wa Amazon kuna Stop na kuna Terminate. Stop huipumzisha seva: malipo ya saa hukoma na kazi iliyohifadhiwa kwenye diski hubaki, ingawa diski yenyewe huendelea kulipiwa. Terminate huifuta seva moja kwa moja, na kwa kawaida diski yake kuu hufutika pamoja nayo. Bila bakapu, hakuna cha kurudisha. "Zima" linaweza kueleweka kwa namna zote mbili, kwa hiyo maneno haya yaandikwe kwenye agizo kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kuna pia huduma ya kuweka kikomo cha bajeti. Matumizi yakifikia kiwango kilichowekwa, barua pepe hutumwa, lakini barua hiyo peke yake haizimi chochote. Lazima awepo mtu wa kuisoma na kuchukua hatua.

Kabla ya kuidhinisha bili ijayo, meneja amwombe fundi orodha ya seva zote, saa ambazo kila moja iliwashwa, na jina la anayeitumia. Seva isiyo na mwenyewe ndiyo ya kuanza nayo.